AP na GP kwenye mtihani: hesabu hatua, usihesabu namba

Swali lilikuwa jepesi: tafuta namba ya 20 katika mfuatano 5, 9, 13, 17, … Binti wa kidato cha nne aliyekaa mbele yangu aliandika 5 + 20 × 4 = 85, akalipigia jibu mistari miwili, akafungua ukurasa mwingine. Jibu sahihi ni 81.

Nilimrudisha kwenye swali lile lile nikamwomba aandike namba zote kwa mkono, moja baada ya nyingine, na juu ya kila nafasi iliyo kati ya namba na namba aweke alama ndogo ya +4. Alipofika kwenye namba ya 20 akahesabu zile alama. Zilikuwa 19. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, kumbe ya kwanza haijaongezwa kitu."

Hapo ndipo ilipo mada nzima. Ukichimba mashimo 20 ya migomba kwenye mstari mmoja, kila shimo likiwa mita 3 kutoka kwa mwenzake, kamba kutoka shimo la kwanza hadi la mwisho haina mita 60. Ina mita 57, kwa sababu mashimo 20 yana nafasi 19 katikati yake. Mengi ya makosa ninayokutana nayo kwenye maswali ya AP na GP ni kosa hili limevaa nguo tofauti, na katika mwongozo huu nitalifuata kila linapojificha.

Kwanza jua uko kwenye mfuatano gani

Mfuatano wa hesabu, ambao kwenye karatasi huandikwa AP, ni ule unaosonga kwa kujumlisha kiasi kile kile kila mara. Kiasi hicho ni tofauti, nacho huandikwa d. Mfuatano wa jiometri, yaani GP, husonga kwa kuzidisha kwa kiasi kile kile, na kiasi hicho ni uwiano, r. Namba ya kwanza katika yote miwili nitaiita a, na nafasi ya namba unayoitafuta nitaiita n. Vitabu vya Tanzania hupenda kuandika A1 na An kwa AP, G1 na Gn kwa GP. Vya Kenya huandika zaidi a na Tn. Herufi zisikutishe, kinachofanyika ni kimoja. Hapa nitatumia Un kwa namba iliyo kwenye nafasi ya n, na Sn kwa jumla ya namba n za mwanzo.

Ukipewa namba zenyewe, toa ya kwanza kutoka ya pili, kisha ya pili kutoka ya tatu. Majibu yakilingana, ni AP. Yasipolingana, gawanya ya pili kwa ya kwanza, kisha ya tatu kwa ya pili. Yakilingana hapo, ni GP. Fanya mara mbili siku zote. Namba mbili peke yake hazisemi chochote: 2, 6 inaweza kuendelea 10, 14 au ikaendelea 18, 54, na zote ni halali.

Mfuatano ukishuka kuwa mwangalifu na mpangilio wa kutoa. Katika 24, 20, 16, … unatoa 20 – 24, unapata d = –4. Wengi hutoa kubwa kwa ndogo kwa mazoea ya shule ya msingi, wanapata 4, na kuanzia hapo mfuatano wao unapanda wakati wa swali unashuka. Vivyo hivyo katika 48, 24, 12, … uwiano ni 24 ÷ 48, yaani 1/2. Si 2.

Namba ya n katika AP

Kufika nafasi ya n unapiga hatua n – 1, na kila hatua inakuongezea d. Kwa hiyo:

```
Un = a + (n - 1)d
```

Swali la binti yule: a = 5, d = 4, n = 20. U20 = 5 + 19 × 4 = 5 + 76 = 81. Mabano yale yanazidishwa na d kabla ya kujumlishwa na a. Nimeona watu wakifanya 5 + 19 = 24, halafu 24 × 4 = 96, jibu ambalo hata mfuatano wenyewe haulijui, maana namba zote za mfuatano huu zinabaki 1 zikigawanywa kwa 4, na 96 haibaki kitu.

Ukiulizwa fomula ya namba ya n bila kupewa nafasi, fungua mabano: 5 + 4n – 4 = 4n + 1. Kisha ijaribu papo hapo kwa n = 1 na n = 2. Ikitoa 5 na 9, umemaliza. Jaribio hilo halichukui hata nusu dakika, na linakamata karibu kila kosa la alama ya kutoa.

Sasa njoo kwenye umbo ambalo mtihani unalipenda zaidi. Hupewi mfuatano, unapewa namba mbili zilizokaa mbali. Namba ya 4 ya AP ni 17 na ya 11 ni 52. Tafuta ya kwanza, tofauti, na namba ya 30.

Njia ya darasani ni kuandika milinganyo miwili na kutoa mmoja kwa mwingine:

```
a + 10d = 52
a +  3d = 17
---------------
     7d = 35
      d = 5
```

Iandike hivyo kwenye karatasi ya majibu, kwa sababu msahihishaji hutoa alama za njia na anataka kuona milinganyo. Lakini kichwani elewa kilichotokea: kutoka nafasi ya 4 hadi ya 11 ni hatua 7, na katika hatua hizo 7 umepanda kutoka 17 hadi 52, yaani 35. Hatua moja ni 5. Ukiliona hivyo, huwezi kukosea kuandika 11d badala ya 10d, kwa sababu hesabu ya kichwani itakataa.

Kupata a, rudi nyuma kutoka nafasi ya 4: hatua 3, kila moja 5, basi a = 17 – 15 = 2. Namba ya 30 ni 2 + 29 × 5 = 147. Kisha hakiki kwa namba ambayo hukuitumia kupata a: ya 11 ni 2 + 10 × 5 = 52. Inakubali. Ukihakiki kwa ile ile ya 4 uliyoitumia, itakubali hata kama d yako ni ya makosa, kwa hiyo uhakiki huo hauna maana.

Jumla katika AP

Fomula ya jumla watu huikariri na kuisahau ndani ya chumba cha mtihani. Afadhali ujue imetoka wapi, uweze kuijenga upya ikikutoroka. Chukua namba tano za mwanzo za mfuatano wetu wa 2, 7, 12, 17, 22. Ziandike tena chini yake kinyumenyume na ujumlishe kwenda chini:

```
 2    7   12   17   22
22   17   12    7    2
24   24   24   24   24
```

Kila safu imetoa 24, yaani namba ya kwanza ukiijumlisha na ya mwisho. Safu ni tano, kwa hiyo jumla ya mistari miwili ni 120, na mstari mmoja ni nusu yake, 60. Hiyo ndiyo fomula yote:

```
Sn = n/2 × (a + namba ya mwisho)
```

Namba ya mwisho usipoijua, weka a + (n – 1)d mahali pake, na unapata ile nyingine:

```
Sn = n/2 × [2a + (n - 1)d]
```

Ile 2a inatoka hapo: a moja ni ya namba ya kwanza, ya pili imo ndani ya namba ya mwisho. Mtu anayejua hili hasahau kuandika 2.

Angalia pia kwamba kuna n mbili kwenye fomula na hazifanyi kazi moja. Ile ya nje, n/2, inahesabu namba, kwa sababu safu ni nyingi kama namba zilivyo. Ile ya ndani, n – 1, inahesabu hatua. Wapo wanaojifunza somo la mashimo ya migomba vizuri mno kiasi kwamba wanaweka (n – 1)/2 hata nje. Hapana. Ukijumlisha namba 20, zote 20 zinaingia kwenye jumla, pamoja na ya kwanza.

Jumla ya namba 20 za mwanzo za mfuatano wetu: S20 = 20/2 × [4 + 19 × 5] = 10 × 99 = 990. Ukitaka uhakika, namba ya 20 ni 97, na 10 × (2 + 97) ni 990 tena.

Ukipewa jumla na kuulizwa n

Hapa ndipo alama nyingi hulala, kwa sababu swali linageuka kuwa mlinganyo wa kipeo cha pili na watu hawajajiandaa. Namba ngapi za mwanzo za 2, 7, 12, … zinatoa jumla ya 245?

```
n/2 × [4 + 5(n - 1)] = 245
n(5n - 1) = 490
5n² - n - 490 = 0
```

Tumia fomula ya mlinganyo wa kipeo cha pili. Ndani ya kipeuo unapata 1 + 9,800 = 9,801, na kipeuo chake ni 99. Kwa hiyo n = (1 + 99)/10 = 10, au n = (1 – 99)/10 = –9.8. Nafasi haiwezi kuwa hasi wala kuwa na desimali, basi n = 10. Andika sababu hiyo kwa maneno machache pembeni. Usifute tu jibu la pili kimyakimya.

Hilo lina faida nyingine. Kwa maswali ya aina hii, n ikitoka na desimali kwenye majibu yote mawili, umekosea mahali fulani, isipokuwa swali limesema "jumla izidi" kiasi fulani. Rudi juu kabla ya kuendelea.

Majibu yote mawili yakiwa namba kamili chanya je? Hili huwababaisha hata wanafunzi wazuri. Chukua 24, 20, 16, … na uulizwe ni namba ngapi zinatoa jumla ya 72.

```
n/2 × [48 - 4(n - 1)] = 72
n(26 - 2n) = 72
n² - 13n + 36 = 0
(n - 4)(n - 9) = 0
```

n = 4 au n = 9. Wengi huchagua 4 na kuitupa 9 kwa hisia tu. Lakini jumlisha mwenyewe: 24 + 20 + 16 + 12 = 72. Namba tano zinazofuata ni 8, 4, 0, –4, –8, na jumla yake ni sifuri. Ukifika ya 9 bado uko kwenye 72. Majibu yote mawili ni sahihi na yote mawili yaandikwe. Hili hutokea kwenye mfuatano unaoshuka ukavuka sifuri, na ndiyo maana nasema jibu hulikatai mpaka uwe na sababu ya kulikataa.

Kuna swali dogo la ukoo huu ambalo hujitokeza mara kwa mara: unapewa fomula ya jumla, tuseme Sn = 3n² + 2n, na kuombwa namba ya n. Jumla ya namba moja ni namba ya kwanza yenyewe, kwa hiyo a = S1 = 5. Jumla ya namba mbili ni S2 = 16. Sasa 16 si namba ya pili. Ni ya kwanza na ya pili zikiwa pamoja. Namba ya pili ni 16 – 5 = 11. Tofauti ni 6, na Un = 5 + 6(n – 1) = 6n – 1. Anayesoma S2 kama U2 anapata d = 11 na swali zima linaharibika kuanzia mstari wa pili.

Namba ya n katika GP

Hatua ni zile zile n – 1, ila sasa kila hatua inazidisha kwa r:

```
Un = a × r^(n-1)
```

Kipeo ni cha r peke yake. Katika 2, 6, 18, … namba ya 5 ni 2 × 3⁴ = 2 × 81 = 162. Anayezidisha 2 × 3 kwanza na kupandisha 6⁴ anapata 1,296. Piga kipeo kwanza, ndipo uzidishe kwa a.

Ukipewa namba mbili zilizokaa mbali, pale kwenye AP ulikuwa unatoa, hapa unagawanya. Namba ya 2 ni 6 na ya 5 ni 162:

```
ar⁴ ÷ ar = 162 ÷ 6
r³ = 27
r = 3
a = 6 ÷ 3 = 2
```

Hatua kutoka ya 2 hadi ya 5 ni tatu, kwa hiyo kipeo ni 3. Picha ni ile ile.

Sasa simama kidogo hapa. Namba ya 3 ni 12 na ya 5 ni 48. Hatua ni mbili: r² = 4. Karibu kila mtu anaandika r = 2 na kuendelea. Lakini –2 ukiizidisha kwa yenyewe nayo ni 4. Kwa hiyo r = 2 au r = –2, na kwa zote mbili a = 12 ÷ 4 = 3. Mifuatano ni miwili: 3, 6, 12, 24, 48 na 3, –6, 12, –24, 48. Yote ina 12 kwenye nafasi ya tatu na 48 kwenye nafasi ya tano. Swali likisema namba zote ni chanya, chukua 2 na utaje kwamba umeikataa –2 kwa sababu hiyo. Lisiposema, toa zote mbili. Kanuni ya kukumbuka ni fupi: idadi ya hatua ikigawanyika kwa 2, tafuta majibu mawili; isipogawanyika, kama r³ = 27, jibu ni moja.

Ukiulizwa ni namba ipi ya kwanza ya 2, 6, 18, … inayozidi 10,000, unaanza na 2 × 3^(n-1) > 10,000, unagawanya kwa 2 na kupata 3^(n-1) > 5,000. Kama r ni namba ndogo kamili, usikimbilie logi. Hesabu vipeo: 3⁷ = 2,187 na 3⁸ = 6,561. Kipeo cha 8 ndicho cha kwanza kuvuka. Lakini 8 ni hatua, na swali limeuliza namba. n – 1 = 8, basi n = 9. Ukiangalia, namba ya 8 ni 4,374 na ya 9 ni 13,122. Kosa la mashimo limerudi, safari hii mwishoni mwa swali, wakati mtu ameshafurahi kwamba amemaliza.

Jumla katika GP

Safu za kinyumenyume hazifanyi kazi hapa, maana hazilingani. Hila ni nyingine: zidisha jumla yote kwa r, uone kinachofutana.

```
 S = 2 + 6 + 18 + 54 + 162 + 486
3S =     6 + 18 + 54 + 162 + 486 + 1458
```

Ukitoa mstari wa juu kutoka wa chini, vyote vya katikati vinakufa. Kinabaki 3S – S = 1,458 – 2, yaani 2S = 1,456, na S = 728. Kwa herufi:

```
Sn = a(r^n - 1) / (r - 1)
```

Tazama kipeo: ni n, si n – 1. Katika mfano huu 1,458 ni 2 × 3⁶, na namba tulizojumlisha ni 6. Kuzidisha mstari wote kwa r kumesogeza namba ya mwisho hatua moja mbele. Ndiyo sababu fomula ya namba ina n – 1 na fomula ya jumla ina n, na ukijua sababu hutazichanganya.

Ikiwa r ni ndogo kuliko 1, kama 1/2, geuza juu na chini, a(1 – rⁿ)/(1 – r), ili usibebe alama hasi mbili. Jibu halibadiliki. Ikiwa r yenyewe ni hasi, iweke ndani ya mabano. Kwa ule mfuatano wa 3, –6, 12, … jumla ya namba 6 ni 3 × [(–2)⁶ – 1] ÷ (–2 – 1) = 3 × 63 ÷ (–3) = –63. Mtu akiandika –2⁶ bila mabano anapata –64, na jumla yake inakuwa 65, wakati namba zenyewe ukizijumlisha moja moja zinatoa –63. Na pacha wake mwenye r = 2 anatoa 3 × 63 = 189. Swali moja, majibu mawili yaliyo mbali kiasi hicho; ndiyo maana r = –2 haipaswi kusahauliwa.

Swali moja zima, AP na GP pamoja

Maswali magumu ya mada hii huunganisha mifuatano miwili. Tufanye moja mpaka mwisho: namba ya 1, ya 3 na ya 11 za AP isiyo na d ya sifuri ni namba tatu za mwanzo za GP. Jumla ya namba 8 za mwanzo za AP ni 200. Tafuta a, d, na jumla ya namba 5 za mwanzo za GP.

Andika kwanza namba tatu kwa lugha ya AP, ukihesabu hatua: a, a + 2d, a + 10d. Kisha tumia ukweli kwamba katika GP ya pili gawanya kwa ya kwanza ni sawa na ya tatu gawanya kwa ya pili. Ukizidisha kwa mshazari:

```
(a + 2d)² = a(a + 10d)
a² + 4ad + 4d² = a² + 10ad
4d² = 6ad
```

Hapa gawanya kwa 2d pande zote, jambo unaloruhusiwa kwa sababu swali limesema d si sifuri. Unapata 2d = 3a, yaani d = 1.5a. Bado hujui a, na hupaswi kuijua. Taarifa ya pili hujaigusa. Iguse sasa:

```
8/2 × [2a + 7d] = 200
4 × [2a + 10.5a] = 200
50a = 200
a = 4,  d = 6
```

Kabla ya kuendelea, andika AP yenyewe: 4, 10, 16, 22, 28, 34, 40, 46. Ya tatu ni 16, na ya 11 ni 4 + 60 = 64. Je, 4, 16, 64 ni GP? Ndiyo, r = 4. Na zile nane ukizijumlisha zinatoa 200. Masharti yote mawili yamekubali, kwa hiyo unaweza kusonga bila wasiwasi: S5 = 4 × (4⁵ – 1) ÷ 3 = 4 × 1,023 ÷ 3 = 1,364.

Ninachotaka ukione ni mpangilio. Sharti la GP lilitoa uhusiano kati ya a na d, sharti la jumla likatoa ukubwa. Mwanafunzi anayekwama kwenye swali hili mara nyingi amefungua milinganyo yote miwili kwa wakati mmoja na kuzama kwenye herufi.

Maswali ya maneno ya pesa

Nimeyaacha haya mwisho kwa sababu hapa kosa la hatua hujificha vizuri kuliko kote. Mfanyakazi anaanza kwa mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi na kuongezwa 25,000 kila mwaka. Mwaka wa 10 analipwa 400,000 + 9 × 25,000 = 625,000. Mwaka wa kwanza hakuongezwa kitu, basi n – 1, kama kawaida.

Sasa mama mmoja anaweka benki shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Baada ya miaka 3 ana kiasi gani? Hapa ni 100,000 × 1.1³ = 133,100. Kipeo ni 3, si 2, kwa sababu miaka mitatu imepita na riba imeingia mara tatu. Zile 100,000 zilikuwapo kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Usiulize "n ni ngapi" kabla ya kuuliza "ongezeko limetokea mara ngapi".

Tuongeze ugumu: mama huyo anaweka 100,000 mwanzoni mwa kila mwaka kwa miaka 3. Mwishoni mwa mwaka wa tatu ana kiasi gani? Chora mstari wa miaka na ufuate kila laki peke yake. Ya mwisho imekaa mwaka mmoja: 110,000. Ya pili imekaa miwili: 121,000. Ya kwanza imekaa mitatu: 133,100. Hiyo ni GP yenye a = 110,000, r = 1.1, n = 3, na jumla yake ni:

```
110,000 × (1.1³ - 1) / 0.1
= 110,000 × 3.31
= 364,100
```

Anayeweka a = 100,000 anapata 331,000. Namba hiyo inafanana sana na jibu, na fomula yake ni sahihi kabisa, ila amesahau kwamba hata laki ya mwisho ilikaa benki mwaka mzima. Kama pesa zingewekwa mwishoni mwa kila mwaka, laki ya mwisho isingepata riba, na hapo 331,000 ingekuwa ndiyo jibu. Neno moja kwenye swali, "mwanzoni" au "mwishoni", linabadilisha a. Lipigie mstari kwa penseli kabla ya kuandika chochote, kisha andika namba mbili za kwanza za mfuatano wako kwa mkono, kama binti yule alivyofanya na zile +4 zake.